Mfumo ukisimama, mteja aambiwe nini?

Saa moja na nusu usiku ndiyo saa ya LUKU. Watu wamerudi nyumbani, taa zinawashwa, mita inalia, na mwenye nyumba anachukua simu anunue umeme kupitia programu ya benki. Huduma ikisimama saa hiyo, tangazo hutoka mara nyingi hivi: "Ndugu mteja, tunakabiliwa na changamoto ya kiufundi katika miundombinu yetu ya mawasiliano. Wataalamu wetu wanaifanyia kazi na huduma zitarejea hivi punde. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Tangazo hilo lina adabu zote, lakini halimsaidii mtu aliyekaa gizani. Halimwambii huduma ipi imesimama, pesa iliyokatwa iko wapi wala afanye nini sasa hivi. "Hivi punde" nayo ni ahadi ambayo aliyeiandika hana uwezo wa kuitimiza. Sisi tunaohudumia wateja wa benki tunajua kinachofuata. Mteja anajaribu tena, anakatwa mara ya pili, kisha anapiga simu kituoni kwa hasira, na hasira yake ni ya haki.

Ili umweleze mtu vizuri, lazima kwanza ujue pesa yake imekwama wapi. Tuchukue mfano wa mama aliyenunua LUKU ya shilingi 10,000 saa 1:42 usiku. Akibonyeza kukubali, benki inaitoa elfu kumi kwenye salio lake, kisha inapeleka ombi nje, kupitia mifumo mingine, hadi kwenye mfumo wa LUKU. Ule mfumo ukipokea malipo, unatengeneza tokeni ya tarakimu 20 na kuirudisha kwa njia ileile. Benki hulisubiri jibu kwa muda mfupi tu. Jibu lisipofika ndani ya muda huo, benki haijui kama ombi halikufika kabisa, au lilifika, tokeni ikatengenezwa, na jibu ndilo lililopotea njiani. Kwa benki hali hizo mbili zinafanana, kwa sababu katika zote mbili kilichoonekana ni ukimya.

Ndiyo maana pesa hairudi papo hapo. Benki ikiirudisha kwa pupa, kumbe upande wa pili malipo yalipokelewa, hesabu za pande mbili hazitalingana na kuna atakayedai. Kwa hiyo muamala unawekwa kando hadi kumbukumbu za benki zilinganishwe na za upande wa pili, mstari kwa mstari, kwa kutumia namba ya muamala. Hali ni hiyohiyo kwa pesa inayotumwa kutoka benki kwenda simu ya mtu, hata ikipita kwenye TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaoendeshwa na Benki Kuu ya Tanzania. Kasi ya kutuma ni ya sekunde, lakini jibu likipotea, kulinganisha kunafuata mwendo wake.

Haya yote mteja anaweza kuelezwa bila neno moja la kitaalamu: "Pesa imetoka kwetu. Hatujapata jibu kama imefika. Tukipata jibu, ama utapata tokeni ama pesa itarudi kwenye akaunti yako." Mtu yeyote aliyewahi kutuma mzigo kwa basi ataelewa.

Sasa tangazo lenyewe. Lipelekwe kwa SMS, maana programu iliyosimama haiwezi kuwa ubao wa matangazo yake yenyewe. SMS moja inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa, na ufinyu huo unafaa kwa sababu unamlazimisha mwandishi achague. Mimi ningeandika hivi:

"Malipo ya LUKU na kutuma pesa kwenda simu yamesimama tangu saa 1:20 usiku. Kama umekatwa pesa, usirudie. ATM zinafanya kazi. Taarifa nyingine saa 3:00 usiku."

Hizo ni herufi 157. Humo hamna neno seva wala miundombinu, na chanzo cha hitilafu hakikutajwa. Tumetaja huduma kwa majina anayotumia mteja, tumempa saa ilipoanza ili ajue kama muamala wake umo, tumemzuia kurudia, na tumemwonyesha njia iliyo wazi. Saa zimeandikwa tunavyozisema. Ukimwandikia mtu "21:00", wengine watasoma vizuri na wengine watahangaika nayo, na usiku wa hitilafu si wakati wa kumpa mtu hesabu ya kupiga.

Chanzo kinaachwa makusudi. Katika saa ya kwanza mafundi wanaona dalili, na chanzo bado ni dhana. Ukitangaza kwamba tatizo ni la kampuni ya simu, kisha asubuhi ikaonekana lilikuwa kwenye mabadiliko mliyofanya wenyewe mchana, umemsingizia mwenzako na umejivunjia imani. Hata ikithibitika kwamba ni la mwingine, mteja hakuweka akiba yake kwa huyo mwingine, ameiweka kwako. Sema tu mahali palipokatika, kama jambo lililotokea: "malipo yanakwama kati yetu na mitandao ya simu". Na asilaumiwe mteja kwa kificho. Kumwambia "hakikisha intaneti yako iko sawa" huku unajua mfumo wako umesimama ni kumdanganya, na atapoteza vocha akijaribu.

Neno jingine la kuchunga ni "pesa zako ziko salama". Linatoka mdomoni haraka kwa sababu ndilo kila mtu anataka kulisikia. Lisitoke kabla mhusika wa hesabu hajathibitisha kwamba masalio ni sahihi. Kabla ya hapo, lililo kweli ni kwamba muamala umeonekana na umewekwa kwenye orodha ya kufuatiliwa.

Kuhusu muda, tukio la Mei 12, 2024 linafundisha vizuri. Jumapili hiyo nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Waya wa namna hiyo hautengenezwi na fundi mwenye ngazi. Inatakiwa meli maalumu ifike eneo lenyewe, itafute ncha zilizokatika, izipandishe juu, mafundi waunganishe nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, kisha waya urudishwe chini. Bahari ikichafuka, kazi inasubiri. Lakini huduma haikungoja meli. Kampuni za mawasiliano zilihamishia mawasiliano kwenye njia nyingine, na watu wakaanza kupata intaneti, ya kusuasua mwanzoni, kabla waya haujaguswa.

Kwa hiyo kuna saa ya huduma kurudi na kuna saa ya tatizo kwisha, na anayezungumza na mteja mara nyingi hana mamlaka juu ya yoyote kati ya hizo. Saa anayoimiliki ni moja tu, ile ya kutoa taarifa inayofuata. Hiyo ndiyo ya kuahidi. Ukisema saa 3:00 usiku, saa 3:00 iandike hata kama hakuna jipya: "Huduma bado haijarudi. Tunajua malipo yanakwama kati yetu na mitandao ya simu, hatujajua sababu. Taarifa nyingine saa 4:30 usiku." Mameneja wengi huogopa kutuma taarifa ya "bado", wakiona inawaaibisha. Mimi naona kinyume. Mtu aliyepata "bado" kwa saa aliyoahidiwa anaweza kupanga usiku wake, akalala au akaenda kwa wakala.

SMS haitoshi kwa kila mtu. Yule mama wa elfu kumi atapiga simu, na hapo mhudumu anapaswa kuona muamala wake kwenye kompyuta kabla ya kusema lolote.

"Mwanangu, pesa mmekata na giza liko palepale."

"Shikamoo mama, pole sana. Nimeuona muamala wako. Elfu kumi imetoka saa 1:42 usiku. Sijajua kama imefika upande wa LUKU."

"Basi nirudishieni ninunue kwingine."

"Siwezi kuirudisha kabla ya kupata jibu, mama, isije ikawa imeshapokelewa. Kama huwezi kusubiri, nunua kiasi kidogo kwa wakala wa karibu kwa pesa taslimu. Hii ya kwanza tokeni yake ikija baadaye, utaiingiza na uniti zitaongezeka juu ya zile. Isipokuja, pesa itarudi kwenye akaunti."

Mhudumu huyo amejua tofauti ambayo SMS haikuweza kuibeba. LUKU ukinunua mara mbili, uniti zote zinabaki kwenye mita yako, umetumia pesa mapema tu. Ukimtumia mtu pesa mara mbili, ya pili iko mikononi mwake, na kuipata inategemea hiari yake au malalamiko ya siku nyingi. Kwa hiyo "usirudie" ni amri ya dhati kwa anayetuma pesa, na kwa LUKU ina mlango wa dharura. Mhudumu asiyeelezwa tofauti hiyo atabaki kusoma karatasi, "tunaomba uvumilivu", na mama atakata simu.

Hapohapo mhudumu aongeze kwamba benki haitampigia kumwomba namba ya siri ili "kuachilia" pesa iliyokwama. Matapeli wanafuatilia matangazo haya kama wateja, na tangazo likishatoka wanajua kuna watu wanaosubiri simu.

Tuseme huduma imerudi saa 3:50 usiku. Hapa ndipo taasisi nyingi zinapoteleza, zinatangaza kwamba kila kitu kiko sawa. Kilicho sawa ni malipo mapya. Miamala iliyokwama kati ya saa 1:20 na saa 3:50 bado iko kwenye orodha, na mwenye elfu kumi yake akisoma "huduma zimerejea kikamilifu" anaona kama amesahauliwa. Ujumbe useme yote mawili: malipo mapya yanapita, yaliyokwama yanalinganishwa, na atakayekuwa bado hajapata jibu atapewa taarifa kwa SMS kesho kabla ya saa 10 jioni. Angalia ahadi ilivyo. Haisemi pesa itakuwa imerudi saa 10, kwa sababu upande wa pili unaweza kuchelewa kuleta kumbukumbu zake. Inasema atasikia kutoka kwetu, na hilo tunaliweza.

Kesho yake saa 9 alasiri, kwa wale wachache ambao jibu lao halijapatikana, kila mmoja aandikiwe ujumbe wake mwenyewe wenye kiasi, saa na namba ya muamala: "Muamala wako wa LUKU wa Sh 10,000 wa jana saa 1:42 usiku bado haujapata jibu. Huhitaji kuja tawini. Tutakuandikia tena kesho saa 4 asubuhi." Orodha hiyo ikabidhiwe kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina ofisini, na isifungwe hadi mstari wa mwisho uwe na tokeni au pesa iliyorudi.