Skrinshoti ya kompyuta ya mbali hukaa kwenye mashine ipi?

Ukiunganisha kompyuta yako na nyingine kwa Remote Desktop ya Windows, unachokiona kwenye dirisha lile ni taswira tu: programu zinaendeshwa kule, kioo kiko kwako. Kwa hiyo unapopiga picha ya skrini, wapo wawili wanaoweza kuipiga, Windows ya kwako au Windows ya kule. Kanuni yenyewe ni moja. Faili huhifadhiwa na kompyuta iliyopokea amri ya kupiga picha, hata kama kilichomo pichani ni cha mashine nyingine.

Amri hiyo inapokelewa na nani? Tuchukue vitufe vya `Win + PrtScn`, vinavyopiga picha na kuihifadhi papo hapo kwenye folda ya `Screenshots`, ndani ya `Pictures`. Kabla ya kuunganisha, bonyeza `Show Options`, kisha ufungue `Local Resources`. Sehemu ya `Keyboard` inakuuliza vitufe vinavyoambatana na kile cha Windows vifanye kazi wapi: kwako, kule, au kule pale tu unapotumia skrini nzima. Hilo la tatu ndilo chaguo la kawaida, na ndilo linalowachanganya wengi. Vitufe vilevile, siku ileile, hupeleka faili mahali pawili tofauti, kutegemea kama dirisha umelipanua kujaza skrini au umeliacha dogo.

Tuseme laptopu yako inaitwa KAZI-LAP na seva inaitwa HESABU-01. Umo kwenye skrini nzima, ujumbe wa hitilafu umetokea, ukabonyeza `Win + PrtScn`. Skrini imefifia kidogo, ishara kwamba picha imepigwa. Unatoka, unafungua folda ya picha kwenye laptopu, huoni kitu. Hakuna kilichopotea: amri ilifika HESABU-01, na faili iko huko, chini ya jina la mtumiaji uliloingia nalo kwenye seva, ambalo si lazima lifanane na la laptopu. Rudi ndani ya seva, ufungue Command Prompt, uandike:

```
hostname
echo %CLIENTNAME%
dir "%USERPROFILE%\Pictures\Screenshots" /o-d
```

Mstari wa kwanza unataja mashine uliyomo, yaani HESABU-01. Wa pili unataja mashine uliyotokea, KAZI-LAP. Wa tatu unaorodhesha picha, mpya zikitangulia. Ukiona folda haipo, angalia OneDrive kabla ya kukata tamaa, maana inaweza kuwa imeichukua `Pictures` nzima na kuihamishia ndani ya folda yake.

Picha yenyewe nayo hutoa ushahidi. Ule utepe wa juu wenye jina la seva huchorwa na laptopu yako, na seva haiujui kabisa. Ukiuona pichani, picha ilipigwa kwako. Usipouona, usiharakishe kuhukumu, kwani huenda ulikuwa umejificha wakati ule.

Penye utata zaidi ni ubao wa kunakili. Ukibonyeza `Ctrl + Alt` pamoja na kitufe cha kujumlisha kilicho upande wa namba, picha ya skrini nzima ya seva huwekwa kwenye ubao wa seva. Ukitumia cha kutoa, inachukuliwa ya dirisha linalotumika tu. Hapo bado hakuna faili popote. Na kwa kuwa Remote Desktop huweza kuunganisha mbao za pande zote mbili, picha hiyo unaweza kuibandika kwenye Paint ya seva au ya laptopu. Itakapohifadhiwa ndipo inapopata makao: Paint ya seva itaiweka kwenye seva, ya laptopu kwenye laptopu. Mimi napendelea njia hii, kwa sababu unachagua mahali mwenyewe badala ya kukisia.

Jihadhari tu na herufi ya diski. Ukiwa ndani ya seva, `C:` ni diski ya seva. Kama uliruhusu diski zako kwenye `Local Resources`, kitufe cha `More`, ile ya laptopu itaonekana kama `C on KAZI-LAP`, au kwa anwani ya `\\tsclient\C`. Kuhifadhi hapo ni kuhifadhi kwenye laptopu moja kwa moja.

Kama faili tayari iko kwenye seva, inakili kule kwa `Ctrl + C` na uibandike kwenye folda ya laptopu kwa `Ctrl + V`. Isipokubali kubandikwa, huenda kuunganishwa kwa ubao kumezimwa kwenye mipangilio yako au na msimamizi wa seva. Ikiwa kulikuwa kukifanya kazi kukakwama ghafla, fungua Task Manager ndani ya seva, usimamishe `rdpclip.exe`, kisha uiwashe upya kwa kuandika jina hilo kwenye `Win + R` ya seva.