Dai la hakimiliki si onyo

"Video yangu ya wachuuzi wa dagaa pale Kibirizi imepata dai la hakimiliki YouTube. Chaneli itafungwa?"

Hapana. Dai la namna hiyo hutoka kwa Content ID, mashine ya YouTube iliyotambua sauti inayofanana na ya mtu. Kwa kawaida mwenye sauti huchukua mapato ya matangazo, au huzuia video isionekane. Kinachofunga chaneli ni maonyo matatu ndani ya siku 90, na hilo ni jambo jingine.

Fungua YouTube Studio, bonyeza dai, usikilize kipande kilichotajwa. Tuseme ni dakika ya 2:14 hadi 3:05, redio ya muuza chai inaimba nyuma ya sauti yako. Basi dai ni halali, hata kama hukukusudia, na kuandika jina la msanii hakusaidii. Kata kipande au uzime wimbo humo humo Studio, dai litaondoka.

Lakini kama ni ngoma uliyorekodi mwenyewe kwa idhini ya wapigaji, pinga, ueleze hivyo. Mdai ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, dai linafutwa. Kupinga kwa kubahatisha ndiko hatari: anaweza kuomba video iondolewe, na hapo onyo linakuja kweli.