3/4 + 1/6: kwa nini jibu si 4/10

Mwanafunzi wa gredi ya sita huko Njoro, karibu na mji wa Nakuru, amepewa hesabu hii: 3/4 + 1/6. Kwenye daftari ameandika 4/10. Njia yake inaonekana wazi: 3 na 1 ni 4, kisha 4 na 6 ni 10. Mwalimu ametia mkasi, na jioni mzazi analigeuza daftari huku na huku asione kosa, maana kujumlisha kwenyewe hakuna dosari.

Jibu si sahihi, na hilo unaweza kulijua hata kabla ya kutafuta jibu lenyewe. Robo tatu imeshapita nusu. Ukiiongezea chochote, hata kiwe kidogo vipi, lazima jumla izidi robo tatu. Sasa tazama 4/10. Nusu ya 10 ni 5, kwa hivyo 4/10 haifiki hata nusu. Mtoto ameongeza, na jumla imepungua! Wala kosa hili halitokani na namba hizi tu. Ukijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akisami unayoipata haizidi kamwe ile kubwa uliyoanza nayo, basi haiwezi kuwa jumla.

Namba ya chini, yaani asili, inasema kitu kizima kimegawanywa vipande vingapi vilivyo sawa. Ya juu, kiasi, inasema umechukua vipande vingapi. Tuseme shamba lina mistari 12 iliyo sawa. Robo tatu yake imepandwa mahindi na sudusi, yaani 1/6, imepandwa viazi. Robo moja ya mistari 12 ni mistari 3, kwa hivyo mahindi yamechukua mistari 9. Sudusi ni mistari 2. Jumla ni mistari 11 kati ya 12, na umebaki mstari mmoja wa sukuma wiki. Hilo ndilo jibu: 9/12 + 2/12 = 11/12.

Mbona mistari 12? Kwa sababu 12 inagawanyika kwa 4 na pia kwa 6 bila kubakisha kitu. Jaribu mistari 10 ya yule mtoto: robo yake ni mistari miwili na nusu, na sudusi haitoki kabisa kwa mistari mizima. Robo na sudusi ni vipande visivyolingana ukubwa, kwa hivyo huwezi kuvihesabu pamoja, tatu na moja ukasema nne, mpaka vyote viwe vimekatwa kwa kipimo kimoja. Asili ya pamoja ndiyo kipimo hicho. Si lazima iwe ndogo kuliko zote. Ukizidisha 4 kwa 6 utapata 24, na hesabu itakuwa 18/24 + 4/24 = 22/24, ambayo ukiigawa juu na chini kwa 2 inarudi kuwa 11/12. Kutumia 12 kunapunguza kazi tu.

Kabla ya kumkemea mtoto, fahamu kwamba kuna mahali njia yake hufaa. Akipata maswali 3 kati ya 4 katika jaribio la kwanza na 1 kati ya 6 katika la pili, ni kweli amepata 4 kati ya 10. Lakini pale yapo majaribio mawili, kila moja na idadi yake ya maswali, na yakiwekwa pamoja yanakuwa jaribio moja kubwa la maswali 10. Shamba letu ni lilelile moja. Halikuongezeka kwa kupandwa viazi.

Hata baada ya kufundishwa asili ya pamoja, wengi hukwama sehemu mbili. Wapo wanaobadilisha chini na kusahau juu: 3/12 + 1/12 = 4/12. Hapo robo tatu imegeuka kuwa robo, maana mistari 3 kati ya 12 ni robo moja tu. Ukizidisha chini kwa 3, na juu pia zidisha kwa 3. Wengine hubadilisha vizuri, kisha wanajumlisha asili tena: 9/12 + 2/12 = 11/24. Asili haijumlishwi, kwa kuwa ukubwa wa kipande haubadiliki unapohesabu vipande.

Makosa yote hayo yananaswa na swali lile la kwanza: je, jibu limezidi robo tatu? 4/12 ni thuluthi na 11/24 haifiki nusu. Lisilonaswa hapo ni kosa dogo la kuhesabu. Mtoto akiandika 10/12 jibu limezidi robo tatu, na bado si sahihi. Hapo hakuna budi kurudi mstari kwa mstari kuona kama 9 na 2 zilitoka sawa.