Soli iliyolika inasema nini unapochagua kiatu cha kukimbilia

Kulika kwa soli ni alama inayobaki pale mpira wa chini ya kiatu uliposuguana zaidi na ardhi. Kwa mkimbiaji, alama hiyo huonyesha mguu unatua wapi na unaondokea wapi. Ndiyo maana ukiomba ushauri wa kununua kiatu kipya, mara nyingi utaambiwa utume picha ya soli za kile cha zamani.

Kinachowapoteza wengi ni kisigino. Mtu anaona kona ya nje imekwisha, anajiambia miguu yake inalalia nje, anaanza kutafuta kiatu cha kuinyoosha. Kumbe kona hiyo hulika kwa karibu kila anayetua kwa kisigino, kwani mguu hushuka ukiwa umeinama kidogo upande wa nje. Ukishagusa ardhi hujilaza kuelekea ndani ili kumeza kishindo, halafu hujikaza na kusukuma kwa vidole. Kwa hiyo kisigino kinakueleza mtu anavyotua, basi. Kujua kama mguu unalalia ndani au nje, tazama mbele, pale panene nyuma ya vidole.

Hapo mbele, soli ikilika katikati, chini ya kidole cha pili na cha tatu, mguu unakwenda wastani. Ikilika zaidi chini ya kidole gumba na ukingo wa ndani, unajilaza ndani kuliko kawaida. Ikiwa ukingo wa nje umelika mfululizo kutoka kisigino hadi kidole kidogo, mguu unabaki nje bila kujilaza vya kutosha.

Tuseme mtu anayekimbia lami, kilomita 30 kwa wiki, ametuma picha. Kisigino cha kulia kimelika upande wa nje mpaka sponji nyeupe imetokeza. Cha kushoto bado kina mifereji. Mbele, viatu vyote viwili vimelika katikati na ukingo wa ndani ni mzima. Huyu anatua kwa kisigino na mguu wake ni wa wastani, kwa hiyo kiatu cha kawaida kisicho na egemeo la ndani, lile linalozuia mguu kujilaza ndani kupita kiasi, kinamtosha. Kama kile cha zamani kisigino chake kilikuwa juu ya sehemu ya mbele kwa milimita 10, asirukie ghafla chenye milimita 4, maana mzigo utahamia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Ile tofauti ya kulia na kushoto haitibiwi na kiatu. Ningemuuliza kwanza kama hukimbia upande uleule wa barabara kila siku, kwa sababu barabara nyingi huinama pembeni ili maji yatiririke, na kama aliwahi kuumia mguu mmoja.

Picha nayo ina namna yake ya kupigwa. Osha soli, geuza viatu vyote viwili soli zitazame juu, vipige kutoka juu moja kwa moja, kisha visimamishe mezani na upige kutoka nyuma, kamera ikiwa usawa wa kisigino. Hiyo ya pili inaonyesha kama kiatu kimeinamia ndani kwa sababu sponji imebonyea, jambo ambalo soli peke yake huficha. Kiatu ulichokuwa ukienda nacho kazini hakifai, kwa kuwa kutembea huila soli kivyake. Na cha mtumba kilichofika kwako kikiwa kimeshalika kinasimulia miguu ya mwingine.

Yote haya yana mpaka. Jeshi la Marekani liliwahi kuwagawia kuruta viatu kulingana na umbo la nyayo zao, na majeraha hayakupungua ikilinganishwa na wenzao waliopewa viatu vya aina moja. Huko Denmaki, utafiti uliochapishwa 2014 uliwafuatilia wakimbiaji wapya zaidi ya 900 kwa mwaka mmoja, wote wakivaa kiatu cha kawaida, na waliolalia ndani kiasi hawakuumia zaidi ya wengine. Kwa hiyo kama soli imelika upande wa ndani lakini hakuna kinachouma, mimi nisingemtoa mtu kwenye kiatu anachokimbia nacho vizuri. Kiatu chenye egemeo kinafaa kujaribiwa pale ambapo soli, picha ya nyuma na maumivu yanaelekeza upande mmoja. Ambaye soli yake imelika ukingo wote wa nje akiepuke, kitamsukuma huko huko nje.

Muuzaji asipojua ni kipi kina egemeo, bonyeza sponji kwa dole gumba chini ya upinde wa mguu, upande wa ndani, kisha upande wa nje. Kwa vingi vyenye egemeo, ndani ni pagumu zaidi na mara nyingi pana rangi tofauti. Baadhi ya vipya havina ugumu huo, vimeinuliwa kuta za sponji pembeni ya kisigino, hivyo tazama hapo pia kabla hujalipa.