Kwa nini logo iliyokatwa hubaki na mstari mweusi pembeni?

"Logo yangu ya njano ilikuwa kwenye mandharinyuma nyeusi. Nimeikata kwa uangalifu, lakini nikiiweka juu ya nyeupe inazungukwa na mstari mweusi. Nimekosea wapi kukata?"

Huenda hujakosea kabisa. Wengi hudhani mkato haukuifikia logo, hivyo wanaendelea kupunguza ukingo. Herufi zinakonda, kingo zinakuwa na meno, na mstari hauondoki. Wengine hulainisha ukingo kwa ukungu, na hapo weusi unasambaa zaidi.

Weusi huo kwa kawaida umo ndani ya rangi ya pikseli za ukingoni. Ili mviringo uonekane laini, pikseli inayopitiwa na ukingo hupewa rangi ya kati, nusu logo na nusu mandharinyuma. Ni kama wino uliokwisha kuingia kwenye maji: huwezi kuuchota peke yake.

Chukua njano yenye thamani za nyekundu, kijani na bluu 255, 204, 0. Pikseli iliyofunikwa nusu juu ya nyeusi inakuwa 128, 102, 0, yaani hudhurungi. Programu ikikata vizuri huipa uwazi wa 50%, lakini hudhurungi inaibakiza. Ukiiweka juu ya nyeupe unapata 192, 179, 128, rangi ya tope. Iliyotakiwa ni 255, 230, 128, njano hafifu. Kwa hiyo uwazi ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichoharibika ni rangi.

Kama logo ni ya rangi moja, tiba ni nyepesi. Katika GIMP, chagua tabaka la logo, washa `Lock alpha channel`, kisha paka njano yenyewe juu ya tabaka lote kwa burashi kubwa. Kufuli hilo linaacha uwazi wa kila pikseli ulivyo na kubadili rangi tu. Photoshop inayo pia, inaitwa `Lock transparent pixels`.

Logo ya rangi nyingi haipakwi hivyo. Photoshop ina `Layer > Matting > Remove Black Matte`, inayojaribu kuutoa weusi kwenye kingo zenye uwazi. Kihesabu, unagawanya rangi kwa kiwango cha kufunikwa: 102 kwa 0.5 ni 204, na njano imerudi. Pale pikseli ilipofunikwa kidogo sana hesabu hukosea kidogo, kwa kuwa thamani zilishakadiriwa kuwa namba nzima, ila pikseli hizo karibu hazionekani.

Ukimaliza, weka tabaka la rangi kali chini ya logo na uikuze hadi 800%. Ikiwa baada ya kupaka logo imenenepa na kingo zina ngazi-ngazi, basi pikseli za pembeni hazikuwa na uwazi wowote. Zilikuwa mabaki halisi ya mandharinyuma. Hapo tu ndipo kupunguza ukingo kwa pikseli moja kunasaidia.