Jenereta ya daimondi haifiki kwenye seva

"Kuna saiti unaweka ID yako tu ya Free Fire inakupa daimondi 10,000 bure, si haina noma maana hawaombi paswedi?"

Noma ipo, ila haiko kwenye ID. Daimondi zako zinahesabiwa kwenye seva za Garena, wenye gemu la Free Fire, siyo kwenye simu, kwa hiyo hakuna saiti ya nje inayoweza kuziongeza, ile mistari inayokimbia na namba zinazopanda ni picha tu, hata ukiandika ID ya uongo kama 000 zitapanda vilevile. Ikifika mwisho inagoma, inataka "Human Verification", yaani upakue app mbili tatu au uweke namba ya simu, hapo mwenye saiti analipwa kwa kila app na wewe unaweza kuunganishwa huduma inayokula salio kila siku. Mbaya zaidi ni ile inayokwambia uingie na Facebook ili "upokee". Angalia anwani juu, kama siyo facebook.com, ukurasa ni feki na paswedi inaenda kwao, na akaunti ya gemu iliyounganishwa na hiyo Facebook inaondoka nayo. Kama ulishajaza badilisha paswedi sasa hivi, toa kwenye akaunti vifaa vyote usivyovijua, na namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS usimpe mtu.