Mfuko wa Misiba na Msamaha wa Kodi: Jumuiya Zetu Marekani Mbele ya IRS

Kazi yangu ya uhasibu hapa Marekani imenikutanisha na jumuiya nyingi za Waswahili, yaani Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya waliojiunga kwa mji au kwa nchi walikotoka. Karibu zote huanza kwa mchango wa misiba, na baada ya muda huja na ombi moja: wanataka kutambuliwa na mamlaka ya mapato, IRS, kuwa shirika la hisani chini ya kifungu cha 501(c)(3), ili wasitozwe kodi ya mapato na wafadhili wao waweze kuondoa michango yao katika hesabu ya kodi zao. Ugumu wa ombi hilo hauko kwenye fomu. Uko kwenye ule mfuko wa misiba wenyewe.

Tuchukue mfano wa jumuiya ambayo nimeiunda kutokana na kadhaa ninazozifahamu. Ina kaya 60, kila kaya hutoa dola 20 kwa mwezi, hivyo kwa mwaka hukusanya dola 14,400, na harambee ya Desemba huleta dola 9,000 nyingine. Katiba yao inasema kwamba mwanachama aliyelipa michango yake yote akifiwa na mzazi, mwenza au mtoto, hupewa dola 5,000, na kinachobaki mwisho wa mwaka hutumwa kwa shule ya msingi Uvira. Kwa macho yetu sote hili ni jambo jema. Kwa macho ya IRS, sehemu ya kwanza ni ushirika wa kusaidiana, kwa sababu anayefaidika anajulikana kabla, naye hupata kwa kuwa amelipa, hata kama ana uwezo wa kujizikia bila msaada wa mtu. Hisani kwa maana ya sheria hii ni lazima ilielekee kundi la watu lililo pana au lisilofungwa kwa majina, na mpokeaji achaguliwe kwa sababu ya shida yake.

Mwenyekiti mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, aliwahi kuniuliza: «Ndugu mhasibu, ina maana kuzikana ni dhambi?» Nilimjibu kwamba si dhambi wala si kosa, ila serikali haitoi punguzo la kodi kwa mchango ambao mtoaji anautarajia urudi nyumbani kwake siku ya msiba.

Kwa hiyo ushauri wangu huwa ni kutenganisha. Mfuko wa misiba ubaki kuwa wa wanachama, wenye akaunti yake ya benki na daftari lake, na asiwepo anayeandikiwa risiti ya hisani kwa ule mchango wa dola 20. Kando yake lisajiliwe shirika jipya lisilo la faida katika jimbo wanaloishi, lenye kazi ya elimu na misaada. Shirika hilo linaweza hata kusaidia mazishi, mradi msaada uwe wazi kwa yeyote mjini asiye na uwezo, akiwemo asiye mwanachama, kamati ihifadhi maandishi yanayoonyesha hali yake, na mjumbe mwenye undugu na mwombaji atoke kikaoni wakati wa kuamua.

Hati ya kusajili shirika jimboni ina sentensi mbili ambazo hazikwepeki. Ya kwanza inasema kwamba shirika limeundwa kwa malengo ya hisani, dini au elimu pekee kwa mujibu wa kifungu cha 501(c)(3). Ya pili inasema kwamba likivunjwa, mali itakayobaki itakwenda kwenye shirika jingine la namna hiyo au serikalini kwa matumizi ya umma. Katiba nyingi nilizosoma zinasema kinyume chake, kwamba wanachama watagawana kilichobaki, na sentensi hiyo peke yake inatosha kuliangusha ombi. Baada ya kusajiliwa ndipo shirika liombe namba yake ya utambulisho wa kodi, EIN, ambayo hutolewa bure, wala lisiiombe kabla ya hapo.

Jumuiya yetu ya mfano, ikiwa na mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na mali isiyozidi dola 250,000, inaweza kutumia fomu fupi, 1023-EZ, kwa ada ya dola 275. Fomu ndefu, 1023, hugharimu dola 600, na zote mbili hujazwa kwenye tovuti ya Pay.gov. Ombi likipelekwa ndani ya miezi 27 tangu mwisho wa mwezi lilipoundwa shirika, msamaha huhesabiwa tangu siku ya kuundwa. Shirika lililosajiliwa Machi 2023, kwa mfano, lilikuwa na nafasi hadi mwisho wa Juni 2025.

Makanisa na misikiti ina njia yake. Sheria inayahesabu kuwa yamesamehewa bila kuomba, ingawa mengi huomba ili yawe na barua ya kuonyesha kwa benki na wafadhili, na yakiomba hayaruhusiwi kutumia fomu fupi. Tena hayadaiwi ritani, yaani taarifa ya kila mwaka kwa IRS, ya kundi la Fomu 990, na hapo ndipo jumuiya hupotea, kwani huona kanisa wanaloazima ukumbi halipeleki chochote nao wakafuata mfano huo.

Jumuiya si kanisa. Yenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 hudaiwa kadi ya kielektroniki iitwayo 990-N, ambayo kwa anayefuata mwaka wa kalenda mwisho wake ni tarehe 15 Mei. Haiulizi hesabu za ndani. Inataka EIN, mwaka wa kodi, jina na anwani, majina mengine ya shirika kama yapo, jina na anwani ya kiongozi mkuu, tovuti kama ipo, uthibitisho kwamba mapato hayakuvuka kiwango, na kama shirika limefungwa. Ni kazi ya dakika chache, haina malipo, wala kuchelewa hakuna faini, na nadhani ndiyo sababu husahaulika. Wajibu huo haungoji barua ya IRS: shirika ambalo ombi lake bado linashughulikiwa huipigia IRS simu kwanza ili liingizwe kwenye mfumo.

Shirika linalokosa kupeleka miaka mitatu mfululizo hupoteza hadhi ya msamaha papo hapo, kwa nguvu ya sheria ya mwaka 2006, na hakuna rufaa. IRS ilipotoa orodha ya kwanza Juni 2011, ilikuwa na mashirika yapatayo 275,000. Kwa lile shirika la mfano lililosajiliwa Machi 2023, likinyamaza kwa miaka ya 2023, 2024 na 2025, hadhi inakoma tarehe 15 Mei 2026. Mara nyingi barua za onyo zilitumwa kwa mweka hazina wa zamani aliyehamia jimbo jingine, kwa kuwa Fomu 8822-B ya kubadili anwani na mhusika haikujazwa. Njia ya kujua ni kuliandika jina la shirika kwenye Tax Exempt Organization Search katika IRS.gov, ambako waliofutwa wana orodha yao.

Shirika dogo lililofutwa kwa mara ya kwanza linaweza kurudishiwa hadhi tangu siku ya kufutwa, likiomba upya na kulipa ada ndani ya miezi 15 tangu tarehe ya barua ya kufutwa au siku lilipotangazwa kwenye orodha, ile iliyo ya baadaye. Muda huo ukipita, litalazimika kueleza sababu ya msingi iliyolizuia kupeleka ritani, au likubali hadhi inayoanza siku ya ombi jipya, na mapato ya kipindi cha katikati yanaweza kudaiwa kodi.